Halijoto ya sayari za miamba dhidi ya Dunia: namna ya kuikokotoa na kuilinganisha kwa kelvini na selsiasi

Tafuta halijoto ya Utaridi (wengi shuleni waliiita Zebaki) na utakutana na namba tatu: 427 °C, 167 °C na -173 °C. Hakuna iliyokosewa. Ya kwanza ni ya mwamba wa ikweta adhuhuri, ya mwisho ni ya mwamba huohuo mwishoni mwa usiku, na ile ya katikati haikusomwa kwenye kipimajoto chochote: imetoka kwenye hesabu. Tatizo linaanza pale mtu anapochukua mojawapo, akaiweka kwenye safu moja na 15 °C ya Dunia, kisha akalinganisha. Atakuwa analinganisha namba ya hesabu na wastani uliopimwa, au wastani na kilele cha mchana.

Mwongozo huu unafuata njia moja kuanzia mwanzo hadi mwisho: kwanza kubadilisha vizio bila kuharibu namba, halafu kukokotoa halijoto ambayo sayari ingekuwa nayo kama haina angahewa, halafu kuiweka kando ya halijoto iliyopimwa na kuusoma mwanya uliopo kati yake. Unahitaji kikokotoo chenye vipeo na vipeuo, au Eksel, na namba mbili tu kwa kila sayari: umbali wake kutoka kwenye Jua na sehemu ya mwanga inayoirudisha angani.

Hatua ya 1: Badilisha vizio, lakini jua ni wapi vinapotofautiana

Kutoka selsiasi kwenda kelvini unajumlisha 273.15, kurudi unatoa 273.15. Wastani wa uso wa Dunia ni takribani 15 °C, yaani 288 K. Kelvini huandikwa K kubwa bila alama ya nyuzi: 288 K, si 288 °K.

Tofauti kati ya halijoto mbili ni ileile katika vizio vyote viwili. Kutoka 254 K hadi 288 K ni ongezeko la 34, na kutoka -19 °C hadi 15 °C pia ni 34. Kwa hiyo tofauti unaweza kuitaja kwa kizio chochote.

Uwiano ni habari nyingine. Zuhura ina 464 °C na Dunia 15 °C, na ukigawanya unapata karibu 31. Kuna maandishi yanayosema kwa msingi huo kwamba Zuhura ina joto mara 31 ya Dunia. Namba hiyo haina maana yoyote, kwa sababu sifuri ya selsiasi ni mahali maji yanapoganda, si mahali joto linapokwisha. Ijaribu kwa Mirihi, yenye -63 °C: ungepata kwamba Mirihi ina joto mara hasi nne ya Dunia. Kwa kelvini, 737 gawanya kwa 288 ni 2.56, na huo ndio uwiano wa kweli. Kanuni ya kushika ni kwamba kila penye kuzidisha, kugawanya au kupandisha kipeo, kazi ifanyike kwa kelvini. Selsiasi iandikwe mwishoni kwa ajili ya msomaji.

Mtego mwingine ni wa maandishi ya Marekani. Ukikuta Utaridi imepewa 800 bila kizio kilicho wazi, hiyo ni farenhaiti: toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9, utapata 427 °C. Nyuzi 800 za selsiasi hazipo kwenye uso wa sayari yoyote inayozunguka Jua letu.

Kuhusu kukadiria: vitabu vinatofautiana kati ya 735 K na 737 K kwa Zuhura, na hivyo utaona 462 °C huku na 464 °C kule. Si ubishi wa kweli. Usiandike 463.85 °C kwa sababu tu kikokotoo kimekupa desimali. Namba ya kelvini uliyoanza nayo haikuwa na usahihi huo.

Hatua ya 2: Kokotoa halijoto ya sayari ikiwa tupu

Sayari hupata joto kwa kunyonya mwanga wa Jua na hulipoteza kwa kutoa mionzi ya infraredi kwenda angani. Ikinyonya zaidi ya inavyotoa, inapanda joto, na ikipanda inatoa zaidi, hadi pande mbili ziwe sawa. Halijoto ya usawa huo ndiyo tunayoitafuta.

Kwenye umbali wa Dunia, kila mita ya mraba inayoelekea Jua moja kwa moja hupokea wati 1361. Sayari hukinga mwanga huo kwa eneo la duara bapa, lakini hutoa joto kwa tufe zima, ambalo eneo lake ni mara nne ya duara hilo. Kwa hiyo tunagawanya kwa 4 na kubaki na wati 340 hivi. Sehemu fulani inaakisiwa bila kunyonywa; sehemu hiyo inaitwa albedo, tutaiandika A. Mwisho, joto linalotolewa hukua kwa kipeo cha nne cha halijoto, ndiyo maana kwenye hesabu utaona kipeo cha 0.25, ambacho ndicho kinyume chake. Ukikusanya namba zote zisizobadilika, unabaki na hii:

```
T = 278.3 × (1 − A)^0.25 ÷ √d
```

Hapa d ni umbali kutoka kwenye Jua, ambapo umbali wa Dunia ni 1, na T inatoka kwa kelvini. Kwenye Eksel, weka umbali kwenye A2 na albedo kwenye B2, kisha andika ya kwanza kwenye C2 na ya pili kwenye D2:

```
=278.3*(1-B2)^0.25/SQRT(A2)
=C2-273.15
```

Anza na Dunia ili ujue kikokotoo chako kinafuata. Albedo ni 0.306, kwa hiyo 1 − A ni 0.694. Kipeuo chake cha pili ni 0.833, na kipeuo cha pili cha hicho ni 0.913. Zidisha kwa 278.3 unapata 254 K, yaani -19 °C. Ukipata karibu 305, umeweka alama ya kutoa mbele ya kipeo; ukipata karibu 193, umesahau kipeo cha 0.25; ukipata namba ndogo kupita kiasi, kama 3.7, kipeo kimeishika 278.3 pamoja na mabano. Usiendelee mpaka upate 254.

Sasa Zuhura: umbali 0.723, albedo 0.77. Kipeo cha 0.25 cha 0.23 ni 0.6925, mara 278.3 ni 192.7, gawanya kwa kipeuo cha pili cha 0.723, ambacho ni 0.850, unapata 227 K au -46 °C. Soma tena namba hiyo. Kwa hesabu hii Zuhura, iliyo karibu zaidi na Jua, ni baridi kuliko Dunia kwa nyuzi 27. Hukukosea. Tutarudi hapo.

Namba inayoleta makosa mengi ni albedo, kwa sababu zipo za aina mbili na majedwali mengi huzipanga safu kwa safu. Albedo ya Bond huhesabu mwanga wote unaorudi angani, kwa rangi zote na kwa pande zote. Albedo ya kijiometri hupima tu jinsi sayari inavyong'aa ukiitazama ikiwa imemulikwa uso kwa uso. Hesabu ya joto inataka ya Bond. Ukichukua ya kijiometri ya Zuhura, 0.69, badala ya 0.77, jibu linaruka kutoka 227 K hadi 244 K. Kwa Utaridi ya kijiometri ni 0.142 na ya Bond ni 0.068, ukizichanganya unapoteza kelvini 9. Ukiona jibu lako linatofautiana na la wengine kwa kelvini kati ya 10 na 20, angalia safu ya albedo kabla ya kitu kingine.

Hata albedo sahihi ina utata wake. Kwa Dunia, kutoka 0.29 hadi 0.31 kunabadilisha jibu kwa kelvini 2 tu. Kwa Zuhura, inayoakisi sehemu kubwa zaidi, kutoka 0.76 hadi 0.80 kunalishusha kutoka 229 K hadi 219 K. Kadiri sayari inavyong'aa, ndivyo kosa dogo la albedo linavyokuwa kubwa kwenye halijoto.

Hatua ya 3: Weka hesabu na vipimo ubavu kwa ubavu

| Sayari | Umbali | Albedo | Hesabu (K) | Hesabu (°C) | Uso uliopimwa (K) | Uso uliopimwa (°C) |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Utaridi | 0.387 | 0.068 | 440 | 167 | 100 hadi 700 | -173 hadi 427 |
| Zuhura | 0.723 | 0.77 | 227 | -46 | 737 | 464 |
| Dunia | 1 | 0.306 | 254 | -19 | 288 | 15 |
| Mirihi | 1.524 | 0.25 | 210 | -63 | takribani 210 | takribani -63 |

Ile 167 °C ya Utaridi sasa imejitokeza mahali pake, kwenye safu ya hesabu. Orodha nyingi huiita wastani wa halijoto ya uso. Ukiiweka kando ya 15 °C ya Dunia unalinganisha safu mbili tofauti. Mwenzake halisi wa 167 °C ni -19 °C ya Dunia. Kwenye safu ya vipimo nimeiachia Utaridi masafa badala ya namba moja, na sababu utaiona katika hatua ya 6.

Mwanya kati ya hesabu na kipimo ndio unaosema angahewa inafanya nini. Duniani ni kelvini 34, kazi ya mvuke wa maji, hewa ukaa na gesijoto nyingine. Kwa Zuhura ni kelvini 510. Kwa Mirihi unaonekana kuwa sifuri, na huo ni udanganyifu wa wastani.

Hatua ya 4: Zuhura, mahali umbali unapopoteza nguvu

Maelezo ya kawaida ni kwamba Zuhura ina joto kwa sababu iko karibu na Jua. Hesabu tuliyoifanya inalikataa. Mawingu yake ya asidi ya sulfuriki huakisi sehemu kubwa ya mwanga, kiasi kwamba, ukigawa kwa tufe zima, kila mita ya mraba ya Zuhura hunyonya wati 150 tu, ilhali ya Dunia hunyonya wati 236. Zuhura hupokea mara 1.9 ya mwanga wetu na kunyonya theluthi mbili hivi tu ya tunachonyonya sisi.

Joto lake linatokana na unene wa angahewa. Hewa hiyo ni hewa ukaa kwa asilimia 96.5, na shinikizo usoni ni mara 90 hivi ya letu. Mionzi ya infraredi kutoka ardhini haifiki angani moja kwa moja. Hunyonywa na kutolewa tena mara nyingi njiani. Mwamba wa 737 K hutoa karibu wati 16,700 kwa mita ya mraba, lakini ni wati 150 tu zinazoihama sayari. Zilizobaki hurudishwa chini na hewa.

Njia nzuri ya kulielewa jambo hili ni kupanda kwa kimo. Joto linaloonekana kutoka angani huondoka kutoka juu ya mawingu, kama kilomita 70 kutoka ardhini, ambako halijoto ni karibu 230 K (-43 °C). Hiyo inakaribiana sana na jibu letu la 227 K, kwa hiyo hesabu ilikuwa sahihi. Ilikuwa inazungumzia tabaka hilo, si ardhi. Ukishuka kutoka hapo, hewa inabanwa na kupanda joto, katika tabaka za chini kwa takribani kelvini 8 kwa kila kilomita. Kwenye kilomita 55 utapita 302 K, yaani 29 °C, joto la mchana wa kawaida wa Mombasa, na shinikizo la nusu hivi ya lile la usawa wa bahari yetu. Ukiendelea kushuka unafika 737 K.

Mwinuko basi ni jambo la kuangalia kila unaponukuu halijoto ya Zuhura. Milima ya Maxwell ina kimo cha kilomita 11 hivi, na juu yake ni takribani 650 K (377 °C), karibu nyuzi 90 chini ya tambarare. Namba ya 737 K ni ya kimo cha wastani. Vyombo vya Kisovieti vilivyotua huko vilisoma halijoto tofauti kidogo: Venera 7 mwaka 1970 ilileta 475 °C (748 K) ikiwa na kosa la kama nyuzi 20, na Venera 13 mwaka 1982 ilipima 457 °C (730 K), ikadumu dakika 127 kabla ya kunyamaza. Ukitaka kujua kwa nini vyombo havidumu, linganisha na metali: bati huyeyuka kwa 232 °C, risasi kwa 327 °C, zinki kwa 420 °C. Lehemu ya bati na risasi inayounga saketi za kawaida ingekuwa kimiminika muda mrefu kabla ya kufika ardhini.

Wakati wa siku, kwa upande mwingine, hauna uzito. Kutoka adhuhuri moja hadi nyingine huko ni siku 117 za Dunia, na ungetarajia usiku wa miezi miwili ulete baridi kali. Lakini hewa nzito kiasi hicho hubeba joto jingi na kulisambaza, na tofauti ya mchana na usiku usoni ni kelvini chache tu. Ndiyo maana kwa Zuhura namba moja inatosha, pamoja na kimo.

Hatua ya 5: Mirihi na udanganyifu wa wastani

Angahewa ya Mirihi pia ni ya hewa ukaa kwa zaidi ya asilimia 90, lakini shinikizo ni chini ya asilimia moja ya letu. Huongeza joto kwa kelvini chache, kama 5. Mbona basi jedwali linaonyesha mwanya wa sifuri?

Kwa sababu hesabu yetu inatoa halijoto ya tufe lenye joto moja kila mahali, na Mirihi sivyo ilivyo. Chukua mfano rahisi: nusu ya sayari iwe na 250 K (-23 °C) na nusu nyingine 170 K (-103 °C). Wastani wa kawaida ni 210 K. Lakini sehemu ya moto hutoa joto kwa wingi kupita kiasi, kwa ajili ya kile kipeo cha nne. Pandisha kila moja kwa kipeo cha nne, tafuta wastani wa hizo, kisha chukua kipeo cha 0.25, unapata 221 K. Sayari hiyo hutoa joto kama tufe la 221 K ilhali wastani wa vipimajoto vyake ni 210 K. Kwa hiyo sayari yenye mchana na usiku vinavyopishana sana huwa na wastani ulio chini ya hesabu, na kwa Mirihi upungufu huo unaficha nyuzi chache ambazo gesijoto imeziongeza.

Mwezi wetu unaonyesha jambo hilo kwa nguvu zaidi. Uko umbali uleule na Dunia, hauna angahewa, na kwa albedo ya 0.11 hesabu yake ni 270 K (-3 °C). Ardhi yake ya ikweta hufika 390 K (117 °C) adhuhuri na kushuka hadi 95 K (-178 °C) kabla ya alfajiri, na wastani wa ikweta hiyo ni 215 K hivi tu, yaani -58 °C.

Kwa Mirihi uliza maswali mawili kabla ya kunukuu chochote. La kwanza: ni ya ardhi au ya hewa? Hewa ni nyepesi mno kubeba joto la ardhi, kwa hiyo mchanga wa ikweta unaweza kuwa juu ya 20 °C (293 K) mchana wa kiangazi huku hewa ya kimo cha mtu ikiwa na baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa. Chombo cha Curiosity, kilichotua mwaka 2012 kwenye kreta ya Gale, hupima vyote viwili kwa vifaa tofauti: vitambuzi vya hewa kwenye mlingoti, na kitambuzi cha infraredi kinachotazama ardhi. Usisome safu moja ukidhani ni nyingine.

La pili: ni msimu gani? Mzunguko wa Mirihi si duara kamili; umbali wake huenda kati ya 1.381 na 1.666. Weka namba hizo kwenye kanuni, nawe utapata 220 K (-53 °C) ikiwa karibu na 201 K (-72 °C) ikiwa mbali. Sayari nzima hubadilika kwa nyuzi 20 hivi kwa sababu ya umbali pekee. Dunia, kwa mzunguko wake ulio karibu na duara, haina jambo la ukubwa huo.

Chini kabisa kuna sakafu. Kwenye ncha wakati wa baridi halijoto hushuka hadi karibu 148 K (-125 °C), na hapo hewa yenyewe inaanza kuganda. Hewa ukaa inapogeuka barafu huachia joto lililofichika, na hilo huizuia ardhi kuendelea kupoa. Ukikuta chanzo kinachotoa -150 °C au chini kwa Mirihi, kitilie shaka.

Hatua ya 6: Utaridi, kokotoa adhuhuri badala ya wastani

Pasipo angahewa ya maana ya kusambaza joto, namba inayofaa ni ya mwamba ulio chini ya Jua la utosini. Hapo mwanga haugawanywi kwa 4, kwa sababu mwamba huo unapokea wote peke yake. Kanuni inabaki ileile, ila 278.3 inazidishwa kwa kipeuo cha pili cha 2 na kuwa 393.6:

```
T_adhuhuri = 393.6 × (1 − A)^0.25 ÷ √d
```

Utaridi ina mzunguko uliopinda zaidi kuliko wa sayari nyingine zote saba: umbali huenda kutoka 0.307 hadi 0.467. Kipeo cha 0.25 cha 0.932 ni 0.9826, mara 393.6 ni 386.7. Gawanya kwa kipeuo cha pili cha 0.307, ambacho ni 0.554, unapata 698 K au 425 °C. Hiyo ndiyo ile 427 °C ya vitabuni, inayotokana na 700 K iliyokadiriwa. Ikiwa mbali, gawanya kwa 0.683: 566 K, yaani 293 °C.

Tofauti hiyo ya nyuzi 130 haizunguki sayari nzima kwa zamu. Utaridi hujizungusha mara tatu katika kila miaka yake miwili, na matokeo yake ni kwamba sehemu mbili za ikweta, zilizo pande zinazokabiliana, ndizo pekee zinazopata adhuhuri sayari inapokuwa karibu kabisa na Jua. Zilizo katikati yao hupata adhuhuri sayari ikiwa mbali, daima. Kwa hiyo 427 °C ni ya sehemu mbili hizo, na mahali pengine pa ikweta hapafiki huko.

Kuelekea kwenye ncha, zidisha jibu la ikweta kwa kosaini ya latitudo iliyopandishwa kwa kipeo cha 0.25. Kwa latitudo 60, kosaini ni 0.5 na kizidisho ni 0.841, hivyo 698 K inakuwa 587 K (314 °C). Hata kwa latitudo 85 kizidisho ni 0.543, na ardhi tambarare inafika 379 K (106 °C). Lakini mhimili wa Utaridi karibu haujainama, na sakafu za kreta zilizo karibu na ncha haziguswi na Jua kamwe. Humo halijoto hubaki chini ya 100 K, na humo ndimo rada kutoka Duniani ilipoona dalili za barafu miaka ya 1990, na chombo cha MESSENGER kikaleta ushahidi zaidi mwaka 2012. Barafu ya maji na mwamba unaoweza kuchemsha maji vinatenganishwa na ukingo wa kreta.

Usiitumie kanuni hii kwa usiku. Itakupa sifuri, kwa sababu haijui kwamba mwamba huhifadhi joto la mchana na kuliachia polepole. Zile 100 K (-173 °C) zimetokana na vipimo na mifano ya namna udongo unavyopoa usiku wa siku 88 za Dunia.

Hatua ya 7: Sayari za nyota nyingine

Kanuni ya umbali inavunjika mara moja ukitoka nje ya mfumo wa Jua. Sayari TRAPPIST-1 b iko umbali wa 0.0115 kutoka kwenye nyota yake. Ukiweka namba hiyo unapata karibu 2600 K, na ni upuuzi, kwani 278.3 imejengwa juu ya mwanga wa Jua, wakati nyota hiyo ni hafifu mno. Tumia kiasi cha mwanga unaopokelewa, S, ambapo Dunia ni 1:

```
T = 278.3 × (S × (1 − A))^0.25
```

TRAPPIST-1 b hupokea mara 4.15. Tukichukua mwamba mweusi, A ikiwa sifuri, tunapata 397 K (124 °C). Hii ni kama joto limesambazwa kila upande. Sayari hiyo inaaminika kuionyesha nyota yake uso mmoja daima, na kama haina hewa ya kubeba joto, upande wa mchana tu ndio utakaong'aa. Kwa kinachoonekana kutoka mbali, wastani wa upande huo hupatikana kwa kuzidisha kwa 1.278: 508 K, yaani 235 °C.

Hapo mwanya unasomwa kwa namna mpya. Kipimo kikikaribia 508 K, kuna mwamba mtupu. Kikikaribia 397 K, kuna hewa inayopeleka joto upande wa usiku. Darubini ya James Webb, katika matokeo ya mwaka 2023, ilipima mwanga wa mikromita 15 sayari ilipopita nyuma ya nyota, na jibu likawa 503 K (230 °C), na kosa la kelvini 27 hivi. Mwamba mtupu, ilionekana. Kisha vipimo vya mikromita 12.8 vikaleta takribani 424 K (151 °C). Si lazima kimoja kiwe kimekosewa: kila wimbi hutazama kwa kina chake, na mawimbi mawili yasipokubaliana, ama miamba haiwi nyeusi sawasawa kwenye rangi zote au ipo hewa yenye ukungu juu. Kwa hiyo kwenye jedwali lako, halijoto ya sayari ya mbali iandikwe pamoja na urefu wa wimbi uliotumika.

Na TRAPPIST-1 e, ambayo mara nyingi huandikwa 250 K au -23 °C karibu kabisa na Dunia kwenye orodha, ni ya safu ya hesabu tu. Hupokea mara 0.65 ya mwanga wetu, na mwanga huo ndio uliotoa 250 hiyo. Safu ya uso iache wazi.